Mkataba wa Ujerumani ni miezi sita, chuo kinataka fildi ya wiki nane tu. Naomba viza ipi?

Binti_Msewe #1
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu uhandisi mitambo, chuo kimoja hapa hapa Dar. Nimepata nafasi ya mafunzo kwenye kiwanda cha pampu karibu na Stuttgart, kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 31 Januari. Mkataba nimeshatumiwa: saa 40 kwa wiki, yuro 800 kwa mwezi, na ndani wameandika kwamba ni mafunzo ya lazima ya masomo.

Shida inaanzia hapo. PT ya chuo chetu ni wiki nane, siyo miezi sita. Kiwandani wananiambia "wewe omba viza, sisi tutakuandikia barua ya mwaliko". Dalali mmoja pale Posta anasema viza ya Shengeni ya muda mfupi inatosha, nimpe hela ya usumbufu anishughulikie. Mwenzangu darasani anasema lazima nipate kwanza kibali cha kazi kutoka huko huko Ujerumani. Kila mtu anaongea lake na mimi muda unanikimbia. Aliyepitia njia hii naomba anieleweshe.

Kaka_Mbagala #2
Dada hongera. Usijipe presha, chukua Shengeni tu. Mafunzo siyo kazi, wewe ni mwanafunzi. Jamaa yangu alienda na Shengeni ya utalii akakaa ofisini kwa watu miezi miwili, hakuna aliyemuuliza.

Mhunzi #3
Binti Msewe, kabla hujamsikiliza yeyote, nikiwemo mimi, jibu maswali mawili: umemaliza mihula mingapi mpaka Agosti, na muhula wa kwanza wa mwaka wa nne unaanza lini chuoni kwenu?

Kaka Mbagala, huo ushauri ni wa hatari. Kwa sheria ya Ujerumani mtu anayekaa kiwandani saa 40 kwa wiki akilipwa yuro 800 anafanya kazi, hata kama mkataba unamwita mwanafunzi. Stika ya viza ya utalii ina sehemu ya maelezo, na pale panaandikwa kwa Kijerumani kwamba kazi haziruhusiwi. Kiwanda chenye mhasibu makini kitaomba nakala ya hiyo stika siku ya kwanza, kwa sababu na wao wanapigwa faini wakimpa kazi mtu asiye na ruhusa. Jamaa yako hakuulizwa, sawa. Angeulizwa angerudishwa, na jina lake lingebaki kwenye mfumo wa Shengeni nzima.

Baba_Tegeta #4
Mwanangu alienda Ujerumani mwaka jana. Unafungua akaunti ya kuzuiliwa, ile ya benki unayotoa hela kidogo kidogo kila mwezi, unaweka yuro 11,904, unapata barua ya chuo cha kule, unakwenda ubalozini Umoja House. Hakikisha una cheti cha Kijerumani.

Binti_Msewe #5
Shikamoo Baba Tegeta. Nashukuru, ila mimi siendi kusoma kule, chuo changu ni cha hapa. Naenda fildi tu.

Mhunzi, mpaka Agosti nitakuwa nimemaliza mihula sita. Mwaka wa nne unaanza Novemba mwanzoni.

Baba_Tegeta #6
Marahaba. Basi yangu ni habari nyingine. Ila hela utaonyesha tu, Wajerumani bila hela hawakusikilizi.

Mhunzi #7
Sasa tunaelewana. Nilipita njia hii nikiwa mwanafunzi, na tangu hapo nimewasaidia wadogo zangu kadhaa, kwa hiyo naeleza ninavyoijua.

Kwa mwanafunzi wa chuo cha nje ya Ujerumani kuna milango miwili mikubwa. Wa kwanza unapitia ZAV, ile idara ya shirika lao la ajira inayoshughulika na wageni. Kiwanda kinawatumia mkataba, barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba umesajiliwa, na mpango wa mafunzo. Wao wanaangalia kama umevuka muhula wa nne, kama kazi inaendana na unachosoma, na kama hujaletwa kuziba pengo la mfanyakazi wa bei rahisi. Wakiridhika wanatoa barua ya kukubali, kiwanda kinakutumia, wewe unaiambatanisha kwenye maombi ya viza. Mlango huu unaruhusu hadi miezi 12.

Mlango wa pili ni kifungu cha 16e cha sheria yao ya ukaazi. Huo umetokana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2016, na ukomo wake ni miezi sita. Hapo ZAV huihitaji. Badala yake mkataba wenyewe lazima uwe umeshiba: utajifunza nini, kwa muda gani, saa ngapi, nani atakusimamia. Na kiwanda kinasaini ahadi kwamba ukibaki nchini kinyume cha sheria, gharama za kukutunza na kukurudisha ni zao, kwa hadi miezi sita baada ya mkataba kwisha.

Hiyo ahadi ndiyo inayowaogopesha waajiri. Wengi wakiisoma tu wanasema twende ZAV.

Kwa hiyo mwenzako darasani amekaribia ukweli. Kuna ruhusa inayotangulia viza, ila siyo kibali cha kazi unachokwenda kuomba wewe mwenyewe. Upande wa kiwanda ndio unaoanza. "Sisi tutakuandikia mwaliko" maana yake hawajawahi kuleta mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya. Barua ya mwaliko haitakufikisha popote.

Nyota_Poznan #8
Nasoma huku Poland, nina kibali cha ukaazi cha Poland. Nimepata fildi Berlin miezi minne. Mimi nadhani hayanihusu haya, si Shengeni ni moja?

Mhunzi #9
Yanakuhusu, Nyota. Kibali cha Poland kinakuruhusu kutembea nchi nyingine za Shengeni siku 90 ndani ya kila siku 180. Kutembea, siyo kufanya kazi. Kila nchi inatoa ruhusa yake ya kazi. Kwa Ujerumani chuo cha Poland nacho ni chuo cha nje, kwa hiyo milango ni ile ile, isipokuwa kama unakwenda chini ya mpango rasmi wa Umoja wa Ulaya kama Erasmusi, ambao una kipengele chake. Anza kwa kuuliza ofisi ya kimataifa ya chuo chako kama fildi yako imo kwenye mpango huo.

Nyota_Poznan #10
Dah. Nilishakata tiketi ya basi.

Dereva_wa_Mwendokasi #11
Basi si linakwenda na kurudi? Nenda ukaone Berlin mdogo wangu, kazi ije baadaye.

Wakili_Kinondoni #12
Mhunzi ameeleza vizuri sana mambo ya viza, lakini kuna bomu kwenye huo mkataba ambalo hakuna aliyeligusa. Mafunzo ya lazima, halafu miezi sita, wakati chuo kinadai wiki nane.

Ujerumani wana kima cha chini cha mshahara, na mwaka huu wa 2026 ni yuro 13.90 kwa saa. Mafunzo ya lazima yanayodaiwa na utaratibu wa chuo hayaguswi na kima hicho. Ya hiari yanayoambatana na masomo nayo hayaguswi, ila yasizidi miezi mitatu. Yakizidi, unalipwa kima cha chini kuanzia siku ya kwanza, siyo kuanzia mwezi wa nne kama watu wanavyodhani.

Sasa chukua mkataba wa Binti. Wiki nane za mwanzo ni za lazima, sawa. Baada ya hapo imebaki miezi minne na kidogo ambayo chuo hakiidai. Hiyo ni ya hiari, na imezidi mitatu. Saa 40 kwa 13.90 ni yuro 556 kwa wiki, ambayo kwa mwezi inakaribia 2,400. Mkataba unasema 800. Afisa wa ZAV akisoma barua ya chuo inayosema wiki nane, kisha akasoma mkataba unaosema miezi sita ya lazima kwa 800, ataweka faili pembeni na kumwandikia mwajiri.

Kaka_Mbagala #13
Si rahisi tu? Chuo kiandike barua kwamba PT ni miezi sita. Mhuri upo, kalamu ipo.

Wakili_Kinondoni #14
Hapana. Taratibu za kozi ziko kwenye tovuti ya chuo, mtu yeyote anasoma. Barua inayopingana na kitabu cha chuo ni hati ya uongo, na mwenye jina kwenye maombi ni Binti, siyo aliyepiga mhuri.

Mama_Vipimo #15
Mimi ni mhadhiri (siyo chuo cha Binti nadhani). Nawaambia kwa nia njema, msituombe barua za namna hiyo. Tunachoweza kuandika, na tunaandika bila shida, ni ukweli uliopangwa vizuri: kwamba mwanafunzi huyu amesajiliwa, amemaliza mihula kadhaa, kwamba kozi inadai wiki nane za mafunzo kwa vitendo, na kwamba idara inaona muda wa ziada unaendana na masomo yake na haiupingi. Sentensi hiyo ya mwisho haiufanyi muda wa ziada uwe wa lazima, lakini inaonyesha kwamba mafunzo yanahusiana na masomo.

Na kuna jambo jingine. Mkataba unakwisha 31 Januari, masomo yanaanza Novemba. Miezi mitatu hii mwanafunzi atakuwa wapi? Akiahirisha mwaka, je, atahesabika amesajiliwa?

Mhunzi #16
Mama Vipimo hapo ndipo nilipokuwa nakwenda nilipouliza habari ya muhula. ZAV wanataka uwe mwanafunzi kwa kipindi chote cha mafunzo. Barua ikisema "ameahirisha masomo" nimeona watu wakirudishiwa maswali. Ikisema "bado ni mwanafunzi wetu, atarejea mwaka fulani" imewahi kupita. Inategemea pia mezani kuna nani.

Jongoo_Mwenge #17
Mimi nilimaliza chuo mwaka jana. Kwa hiyo ndiyo nimeshachelewa jumla?

Mhunzi #18
ZAV ndiyo, umechelewa. Kifungu cha 16e hapana: kinampokea pia aliyehitimu ndani ya miaka miwili kabla ya maombi, ilimradi mafunzo yawe ya fani na ngazi ile ile uliyosomea. Ila unarudi kwenye ile ahadi ya mwajiri.

Jongoo_Mwenge #19
Asante mkuu, nimepumua.

Mpishi_Kigamboni #20
Nawapa yangu. Nilisomea hoteli. Wakala mmoja alinitafutia nafasi hoteli moja kule kusini mwa Ujerumani, karibu na milima. Mpango wa mafunzo ulikuwa nusu ukurasa: jikoni, usafi wa vyumba, zamu za jioni na mwisho wa wiki. Basi. ZAV wakakataa. Sababu waliyotoa ni kwamba haionekani ninajifunza nini ambacho mfanyakazi wa kawaida hafanyi. Mwajiri alikasirika, wakala akazima simu, hela yangu haikurudi.

Rafiki yangu tuliyesoma wote akapata hoteli nyingine. Meneja wa pale aliketi akaandika wiki kwa wiki: wiki mbili mapokezi akijifunza mfumo wa kupanga vyumba, wiki tatu ununuzi na hesabu ya stoo, kisha jikoni na nani anamsimamia, kisha karamu, na kila mwisho wa mwezi kikao cha tathmini. Akakubaliwa. Hoteli zote mbili zingemsuguisha masufuria, mimi najua, lakini moja ilionyesha mafunzo.

Fundi_Bomba #21
Nakazia aliyosema Mpishi. Mimi nilipokwenda dirishani pale Umoja House, afisa hakuniuliza habari ya Kijerumani wala ya kurudi nyumbani kama nilivyojiandaa. Alifungua mpango wangu ukurasa wa pili akaniuliza, "Hapa wiki ya tano umeandikiwa kupima mtetemo wa mashine. Chuoni mmeshapima mtetemo?" Nikamweleza maabara yetu ina kifaa gani na tulikitumia kwenye somo lipi. Akaandika kitu, akaendelea. Binti, mpango wako usome kama unavyosoma mtihani.

Dereva_wa_Mwendokasi #22
Fundi na wewe ungejibu "mashine zetu zinatetemeka zenyewe, hatuhitaji kifaa".

Binti_Msewe #23
Nimesoma yote, nimechukua daftari. Mpango wangu una mistari minne tu: kuunganisha pampu, majaribio, ghala, ofisi ya usanifu. Nimewaandikia kiwandani wauongeze.

Sasa nauliza kuhusu Wakili #12. Nikiwaambia walipe 2,400 si watanitupa? Je, nikipunguza muda?

Wakili_Kinondoni #24
Ndiyo njia ninayoipenda. Agosti 1 mpaka mwisho wa Oktoba. Wiki nane za lazima zinatimia, kinachobaki ni wiki chache za hiari, hakifiki miezi mitatu, kima cha chini hakigusi. Novemba uko darasani. Hakuna kuahirisha wala barua ya kubembeleza.

Mhunzi #25
Sikubaliani moja kwa moja. Hesabu ya Wakili ni sawa kwa upande wa mshahara, lakini ukifupisha umeingia mahali pengine: siku 90. Agosti ina siku 31, Septemba 30, kwa hiyo siku ya 90 inaangukia tarehe 29 Oktoba. Ukikaa ndani ya hizo siku unaweza kupewa viza ya muda mfupi, aina ya C, ikiwa imetolewa kwa ajili ya mafunzo, siyo utalii. Ada yake ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ukizidisha hata siku mbili unahitaji viza ya kitaifa, aina ya D, yuro 75.

Ya muda mfupi ni kama chumba chenye mlango mmoja. Kiwanda wakikupenda wakasema baki mpaka Januari, haigeuzwi ukiwa kule. Unarudi Dar, unaanza upya. Ukienda na D tangu mwanzo, mazungumzo na ofisi ya wageni ya mji wako yanawezekana. Na kwa mhandisi miezi mitatu ni midogo. Mwezi wa kwanza wote unajifunza kuvaa viatu vya usalama na kujua stoo iko wapi.

Wakili_Kinondoni #26
Miezi mitatu halali kuliko sita ya kubishaniwa.

Mhunzi #27
Sita haibishaniwi wakilipa inavyotakiwa. Viwanda vya kule vina bajeti. Nimeona mkataba ukipandishwa kutoka 900 kwa sababu mtu wa utumishi hakuwa anaijua sheria ya wanafunzi wa nje, alikuwa anafuata kiwango cha wanafunzi wao ambao vyuo vyao vinadai muhula mzima wa mafunzo. Binti awaulize kwa adabu. Kuuliza hakufuti mkataba.

Mama_Vipimo #28
Kuna wanaosema kwamba ule msamaha wa mafunzo ya lazima unahusu vyuo vya Ujerumani tu, vya nje havimo. Wakili unasemaje?

Wakili_Kinondoni #29
Hilo Wajerumani wenyewe wanabishana. Sheria inataja utaratibu wa chuo kikuu bila kusema cha wapi, ndiyo maana waajiri wengi wanahesabu na vya nje. Kuna washauri waoga wanaomwambia mwajiri asijaribu. Ndiyo maana nasema abaki chini ya miezi mitatu, hapo hata ikihesabiwa yote ya hiari yuko salama.

Mhunzi #30
Hapo umenipa hoja nzito. Bado naipenda D.

Kaka_Mbagala #31
Haya na akinyimwa viza? Maana mnaongea kama ameshapanda ndege. Bro wangu alinyimwa 2023, akaandika barua ya kupinga ukurasa mmoja, bure kabisa, ubalozi ukapitia upya wakampa. Binti ukinyimwa andika barua.

Fundi_Bomba #32
Kaka, hiyo haipo tena. Ule utaratibu wa barua ya kupinga bure waliufuta duniani kote tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa ukinyimwa una mawili: kuomba upya na kulipa ada upya, au kwenda mahakama ya utawala ya Berlin. Nani kwa mafunzo ya miezi mitatu ataajiri wakili wa Berlin? Ndiyo maana faili lazima litoke nyumbani likiwa kamili. Zamani ulikuwa unaweza kupeleka pungufu ukarekebisha kwenye barua ya kupinga.

Kaka_Mbagala #33
Hiyo sikuisikia. Asante Fundi.

Baba_Tegeta #34
Narudi kwenye hela maana mmeiruka. Analipwa 800. Wao kwa mwanafunzi wanataka 992 kwa mwezi, ndiyo ile 11,904 niliyoisema ukiigawa kwa 12. Huyu mtoto amepungukiwa.

Mhunzi #35
Baba Tegeta safari hii umepiga penyewe. Kipimo cha 992 ndicho maafisa wanachokishika hata kwa wa mafunzo. 992 toa 800 ni 192. Kwa miezi mitatu ni 576, kwa sita ni 1,152. Kiasi hicho anaweza kukiweka akaunti ya kuzuiliwa badala ya kubeba mzigo wote, au mtu anayeishi Ujerumani amsainie ahadi ya kumgharamia mbele ya ofisi ya wageni ya kule. Kiwanda kikimpa chumba bure, kiandikwe ndani ya mkataba na thamani yake, kwa sababu nacho kinahesabika. Wengi wanapewa chumba kwa mdomo halafu wanahangaika kutafuta hela ambazo wala hawakuzihitaji.

Taarifa ya benki ya mjomba yenye hela zilizoingia wiki iliyopita haina uzito.

Binti_Msewe #36
Chumba wamesema wanacho, cha wafanyakazi, lakini kwenye mkataba hakipo. Naongeza kwenye orodha yangu ya kuwauliza. Na bima?

Fundi_Bomba #37
Ya safari inayofika angalau yuro 30,000 ndiyo ya kuingilia. Soma masharti madogo, bima nyingi za watalii zinasema hazigharamii ajali ya kazini, na wewe utakuwa unashika vyuma. Waulize kiwandani bima yao ya ajali inakuhusu kuanzia siku gani.

Daktari_wa_Zamu #38
Jamani mimi ninalo la kinyume. Kwetu hospitali tunaletewa wanafunzi wa udaktari kutoka huko huko Ujerumani, wanakuja wiki sita za fildi. Wengine wanafika na viza ya utalii waliyokata mtandaoni, halafu tunaanza kukimbizana na Uhamiaji kuhusu kibali cha ukaazi cha daraja C. Mnavyowaona Wajerumani wakali wa karatasi, wakija kwetu wanasahau. Wakuu mnaojua, kibali hicho anaomba mwanafunzi au hospitali?

Mama_Vipimo #39
Anzeni ninyi mnaompokea. Kwa uzoefu wetu chuoni, mwenyeji ndiye anayeandika barua na kupeleka maombi kwenye mfumo wa Uhamiaji, na ni vizuri ifanyike kabla mgeni hajapanda ndege. Ukisubiri afike unakuwa unamtafutia kibali mtu ambaye tayari ameshaingia wodini.

Dereva_wa_Mwendokasi #40
Kwa hiyo Stuttgart wanamwambia Binti "wewe omba", na Daktari anawaambia wa kwake "nyie ombeni". Mkutanishwe.

Nyota_Poznan #41
Nimeuliza ofisi ya kimataifa ya chuo. Fildi yangu inaweza kuingizwa kwenye Erasmusi kama Berlin wakisaini makubaliano ya mafunzo ya pande tatu: mimi, chuo, mwajiri. Wamenipa fomu. Tiketi ya basi nimesogeza mbele.

Mhunzi #42
Vizuri sana. Ikisainiwa ibebe nakala ya karatasi, siyo kwenye simu tu.

Mgeni_Sinza #43
Naomba kuuliza, yale mashirika ya wanafunzi ya kubadilishana, AIESEC na IAESTE, hayana njia yao? Nilisikia wao hawaendi ZAV.

Mhunzi #44
Wana njia yao, ndiyo. Mipango ya kubadilishana ya kimataifa ina kipengele chake, hadi mwaka mmoja. Lakini nafasi lazima iwe imetoka kwao tangu mwanzo. Binti ameshajitafutia mwenyewe, hawezi kuibandika nembo ya shirika juu ya mkataba uliokwishasainiwa. Naona kuna mawakala mjini wanauza hiyo "nembo". Kaeni mbali.

Binti_Msewe #45
Wakuu nimepata majibu kutoka Stuttgart, naweka hapa maana wengi mmeniuliza inboksi.

Kwanza, walikuwa hawajui kuhusu ZAV. Mtu wa utumishi amepiga simu kwa shirika lao la ajira, sasa ameelewa kwamba wao ndio wanaanza. Ile ahadi ya 16e mwanasheria wao hataki kuisaini, kwa hiyo mlango ni ZAV.

Pili, 2,400 kwa miezi sita wamesema bajeti ya idara hairuhusu mwaka huu. Wamenipa chaguo: wiki kumi na mbili kwa 800 pamoja na chumba kilichoandikwa kwenye mkataba, au nisubiri mwaka kesho waombe fedha ya miezi sita. Mwaka kesho nitakuwa nimemaliza mihula yote minane.

Tatu, mhandisi atakayenisimamia ameandika mpango mpya mwenyewe, kurasa tatu. Wiki ya kwanza hadi ya tatu ni kuunganisha, ya nne hadi ya saba benchi ya majaribio, kupima mtiririko na shinikizo, zinazobaki ni usanifu. Nimeusoma kama alivyosema Fundi, na kuna neno moja la sili za mpira zinazozuia pampu kuvuja sijalielewa, namuuliza mwalimu kesho.

Wakili_Kinondoni #46
Chukua wiki kumi na mbili. Siku 84, uko ndani.

Mhunzi #47
Kama anahitimu mwaka kesho, ZAV itamfungia mlango na mwanasheria wao ameshakataa ule mwingine. Kwa hali hiyo nakubali, wiki kumi na mbili. Ila mwombe msimamizi aandike kwenye barua pepe kwamba wangependa urudi baada ya kuhitimu, na uliza kama mwanasheria atabadili mawazo wakishakufahamu. Watu huwa wanaogopa kumdhamini mgeni wasiyemjua.

Fundi_Bomba #48
Mimi bado ningeomba D hata kwa wiki kumi na mbili kama wanakubali. Siku hizi ndege zinaahirishwa, ukikwama siku saba tu umepita 90.

Wakili_Kinondoni #49
Hawatatoa D kwa siku 84. Aombe C na asikate tiketi ya siku ya mwisho.

Fundi_Bomba #50
Waulizwe kwanza. Kuna mtu namfahamu aliyepewa.

Mama_Vipimo #51
Binti, barua ya chuo umeshaomba? Hakikisha inataja mihula sita iliyokamilika kufikia Julai, wiki nane kwa jina la kozi na namba yake, na tarehe ya kuanza mwaka wa nne. Tarehe hiyo itamwonyesha afisa kwamba una pa kurudi kuliko kitu kingine chochote.

Binti_Msewe #52
Nimeomba jana Mwalimu. Mkuu wa idara amesaini, ila karani anasema mhuri wa idara unatosha, wakati fomu ya ZAV inataka uthibitisho wa kusajiliwa. Niende na kwa msajili?

Mama_Vipimo #53
Nenda na kwa msajili. Uthibitisho wa kusajiliwa unatoka kule, idara inazungumzia mafunzo tu. Barua mbili, mihuri miwili, zote tarehe za mwezi huu.

Jongoo_Mwenge #54
Na mimi niliyehitimu, uthibitisho wangu ni cheti au transkripti? Cheti bado hakijatoka.